Nywila ya Kwanza Inapokataliwa: Barua Pepe ya Mwanafunzi kwa Msajili

Barua pepe ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza humwandikia msajili wa chuo, kwa sababu mfumo umeikataa nywila yake ya kwanza, ni taarifa ya hitilafu. Kazi yake ni kumwezesha ofisa asiyemjua mwanafunzi huyo aipate kumbukumbu yake, aelewe ni nini kiliandikwa na mfumo ulijibu nini, kisha arekebishe bila kulazimika kurudi na maswali. Katika vyuo vya Tanzania barua hizi humiminika Oktoba na Novemba, mwaka mpya wa masomo unapofunguliwa. Asiyeweza kuingia kwenye mfumo hapati namba ya malipo ya ada wala hasajili kozi, na anayetegemea mkopo hawezi kupokea fedha kabla ya usajili kukamilika. Ndiyo maana nyingi huandikwa kwa haraka na kwa hofu, na kile ambacho ofisa angekihitaji hakimo.

Ili kujua barua iseme nini, inabidi kwanza kujua nywila hiyo inatoka wapi na kwa nini inakataliwa.

Nywila ya kwanza inavyotengenezwa

Mwanafunzi haichagui nywila ya kwanza. Huundwa wakati majina ya waliodahiliwa yanapohamishwa kutoka orodha ya udahili kwenda kwenye mfumo wa wanafunzi. Mara nyingi orodha hiyo ni faili la Excel, ambamo kila mwanafunzi ana mstari wake: majina matatu, namba ya mtihani wa kidato cha nne, simu, anwani ya barua pepe na programu aliyopangiwa. Mfumo huusoma mstari, hufungua akaunti, kisha huipa akaunti hiyo nywila ya kuanzia.

Zipo njia mbili zilizozoeleka za kuipata nywila hiyo. Ya kwanza ni kanuni inayotumika kwa wote: kwa mfano, jina la mtumiaji liwe namba ya mtihani wa kidato cha nne na nywila iwe jina la ukoo kwa herufi kubwa. Kanuni hiyo huchapishwa kwenye maelekezo ya kujiunga na chuo, na mwanafunzi huitumia mwenyewe kukisia nywila yake. Ya pili ni mchanganyiko wa herufi na tarakimu uliochaguliwa kwa kubahatisha, unaotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu au kwa barua pepe. Njia hii ni salama zaidi, kwa kuwa mwenzake wa bweni hawezi kuikisia, lakini nywila ya namna hiyo mara nyingi huwa na muda: ikipita siku moja au chache bila kutumika, hufa.

Kwa njia zote mbili, mfumo uliojengwa vizuri hauitunzi nywila yenyewe. Huipitisha kwenye hesabu ya njia moja, ukahifadhi matokeo tu. Mwanafunzi anapoandika nywila kwenye kisanduku, mfumo huipitisha tena kwenye hesabu ileile na kulinganisha matokeo mawili. Hesabu hiyo hairudishwi nyuma, kama mahindi yaliyokwisha kusagwa yasivyorudi kuwa punje.

Jambo hili lina matokeo mawili. Kwanza, ofisa hawezi kuifungua kumbukumbu na kuisoma nywila, hivyo ombi la “naomba mnitumie nywila yangu” halitekelezeki. Kinachowezekana ni kuiweka upya. Pili, mfumo hauna habari ya “karibu sawa”. Nafasi moja ya ziada au herufi ndogo mahali pa kubwa hubadilisha matokeo yote, na jibu huwa lilelile ambalo angepewa aliyeandika neno jingine kabisa.

Sababu tatu za kukataliwa

Sababu ya kwanza iko kwenye vidole na kibodi. Simu hupenda kuongeza nafasi baada ya neno linalopendekezwa, na hufanya herufi ya kwanza kuwa kubwa na zinazofuata kuwa ndogo. Anayenakili nywila kutoka kwenye ujumbe wa simu anaweza kunakili pia nukta iliyofunga sentensi. Nywila za kubahatisha huleta utata wa sifuri na herufi O, au wa tarakimu 1, herufi kubwa I na herufi ndogo l. Jina la mtumiaji nalo lina mitego yake. Aliyemaliza kidato cha sita ana namba mbili za mtihani, na akiandika ya kidato cha sita mahali panapotakiwa ya kidato cha nne, mfumo haumtambui. Mfumo mmoja hutaka sehemu za namba hiyo zitenganishwe kwa mkwaju, mwingine hutaka nukta.

Sababu ya pili iko kwenye kumbukumbu yenyewe. Hapa mwanafunzi anafuata kanuni sawasawa, lakini data ambayo nywila iliundwa kutokana nayo si ile anayoidhania. Excel ina tabia ya kuifuta sifuri inayotangulia namba, hivyo nywila iliyokusudiwa kuwa namba ya simu inayoanza na 07 huishia kuanza na 7. Tarehe ya kuzaliwa hugeuzwa mpangilio, mwezi ukatangulia siku. Majina yakigawanywa kwa kufuata nafasi zilizo kati yake, mwenye jina la ukoo la maneno mawili, kama Abdul Rahman, hubaki na nusu ya jina kwenye safu ya ukoo. Mwenye majina mawili tu huweza kukuta safu hiyo ni tupu.

Sababu ya tatu ni hali ya akaunti. Nywila ni sahihi na kumbukumbu ni sahihi, ila mlango wenyewe umefungwa. Pengine akaunti haijaamilishwa kwa sababu mwanafunzi hajathibitisha udahili, au nywila imepitwa na muda, au imekwisha badilishwa. Pengine majaribio mengi yaliyoshindikana yameifanya akaunti ijifunge. Kufunga huko ni kinga dhidi ya wanaobahatisha nywila za wengine. Vyuo hutofautiana katika idadi ya majaribio na muda wa kufungiwa, lakini kanuni ya kufunga baada ya majaribio matano kwa muda wa nusu saa si ngeni. Mwanafunzi anayeendelea kubonyeza bila kujua hilo huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza, na katika baadhi ya mifumo kila jaribio jipya huuanzisha upya muda wa kusubiri.

Ujumbe wa kwenye skrini

Maneno ambayo mfumo huyaonyesha ndiyo ushahidi bora alio nao mwanafunzi, na yafaa yanakiliwe kama yalivyo, herufi kwa herufi, hata kama ni ya Kiingereza. Tofauti ndogo ya maneno huonyesha sababu ni ipi.

Ujumbe unaoonekana zaidi ni `Invalid username or password`. Hausemi kipi kati ya viwili ndicho kibaya, na hilo limefanywa kwa makusudi. Kama mfumo ungekiri kwamba jina la mtumiaji lipo na nywila tu ndiyo si sahihi, mtu mwenye nia mbaya angeweza kujaribu namba mbalimbali za mtihani ili kujua nani amedahiliwa, kisha akaanza kubahatisha nywila zao. Kwa hiyo ujumbe huu unaruhusu sababu ya kwanza na ya pili kwa pamoja, na ni mwanafunzi anayepaswa kuupunguzia ofisa uwanja wa kutafuta.

Ujumbe kama `Account locked` au `Password expired` unaitaja sababu ya tatu waziwazi. Wa kwanza hutaka kusubiri au kufunguliwa na ofisa. Wa pili hutaka nywila mpya. Kuna pia jumbe zinazofanana na kukataliwa lakini hazihusiani na nywila hata kidogo. `419 Page Expired` maana yake ukurasa ulikaa wazi mpaka kikao chake kikaisha, na dawa ni kuufungua upya. `503 Service Unavailable` ni seva iliyoelemewa au iliyozimwa kwa matengenezo, jambo la kawaida saa chache baada ya majina kutangazwa, wakati maelfu wanaingia kwa mpigo.

Hali moja huchanganya wengi. Nywila ya kwanza inakubaliwa, mfumo unamtaka mwanafunzi aweke mpya, na hiyo mpya ndiyo inayokataliwa kwa kuwa ni fupi au haina tarakimu. Anayeandika “nywila yangu imekataliwa” bila kusema ni kwenye ukurasa upi humfanya ofisa aiweke upya nywila ambayo haikuwa na kasoro.

Majaribio machache yenye maana

Kabla ya kuandika, yapo majaribio yanayofaa kufanywa, mradi yawe machache kuliko kiwango cha kufungiwa. La kwanza ni kuandika nywila kwa mkono badala ya kuinakili, huku alama ya jicho iliyo pembeni ya kisanduku imebonyezwa ili herufi zionekane. Pasipokuwa na jicho, nywila inaweza kuandikwa kwanza kwenye kisanduku cha jina la mtumiaji, ikatazamwa, kisha ikafutwa. La pili ni kufungua ukurasa kwenye kivinjari kingine au kwenye dirisha la faragha, ambako hakuna nywila ya zamani inayojijaza yenyewe. Kujijaza huko huwapata hasa waliotumia tovuti hiyohiyo wakati wa kuomba udahili: simu hukumbuka nywila ya akaunti ya maombi na kuiingiza kimyakimya kwenye mfumo wa wanafunzi, ambao ni akaunti nyingine.

La tatu ni kujaribu kiungo cha `Forgot password`, kwa sharti kwamba anwani ya barua pepe iliyotumika kuomba udahili bado inafunguka. Kiungo hicho kikifanya kazi, barua kwa msajili haihitajiki. Kisipoleta kitu baada ya muda, na folda ya barua taka imekwisha angaliwa, hilo nalo ni dalili: huenda anwani iliyomo kwenye kumbukumbu ilikosewa, au ni ya mwenye duka la intaneti aliyemsaidia mwanafunzi kuomba. Taarifa hiyo inastahili kuingia kwenye barua.

Barua ya mfano

Tuchukue mwanafunzi wa mfano ambaye jina lake la ukoo ni Ng'wandu. Maelekezo ya chuo yanasema jina la mtumiaji ni namba ya kidato cha nne na nywila ni jina la ukoo kwa herufi kubwa. Ameandika `NG'WANDU`, mfumo umekataa. Ameandika bila ritifaa, umekataa. Wenzake waliofuata maelekezo yaleyale wameingia. Barua ambayo wengi wangeiandika katika hali hiyo ni hii:

> YAH: TATIZO LA MFUMO
>
> Ndugu Msajili,
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nimejaribu mara nyingi kuingia kwenye mfumo lakini unanikatalia. Naomba msaada wako wa haraka kwani muda wa usajili unaisha. Natanguliza shukrani.

Barua hii ina adabu na imefuata sura ya barua rasmi, lakini ofisa hawezi kuifanyia kazi. Kichwa chake kinafanana na vya barua nyingine nyingi zilizofika asubuhi hiyo. Haina namba ya kumtambulisha mwandishi, haisemi ni mfumo upi, wala haisemi skrini ilionyesha nini. Jibu pekee linalowezekana ni kuuliza, na swali likitumwa Ijumaa mchana, jibu la mwanafunzi litasomwa Jumatatu.

Barua ileile inaweza kuandikwa hivi, namba zikiwa zimewekwa sifuri kwa ajili ya mfano:

> YAH: Nywila ya kwanza kukataliwa – S0000/0000/2021 – Shahada ya Elimu, mwaka wa 1
>
> Ndugu Msajili,
>
> Nimedahiliwa mwaka wa kwanza, Shahada ya Elimu, mwaka wa masomo 2024/2025. Namba yangu ya kidato cha nne ni S0000/0000/2021. Nashindwa kuingia kwenye mfumo wa wanafunzi kwa mara ya kwanza.
>
> Jumatatu tarehe 21 Oktoba 2024, saa 4:10 asubuhi (10:10), niliandika namba hiyo kama jina la mtumiaji, na nywila kwa kufuata maelekezo ya kujiunga, yaani jina la ukoo kwa herufi kubwa. Mfumo ulijibu: “Invalid username or password”. Niliandika kwa mkono, herufi zikionekana. Nilijaribu mara moja nikiweka ritifaa na mara moja bila ritifaa, kwenye simu na kwenye kompyuta ya maktaba. Jibu lilikuwa lilelile. Kiungo cha “Forgot password” hakijaleta ujumbe wowote.
>
> Jina langu la ukoo lina ritifaa baada ya Ng. Naona kwamba alama hiyo kwenye barua ya udahili imepinda, ilhali kwenye cheti changu imesimama wima. Huenda ndiyo sababu.
>
> Naomba kumbukumbu ya jina langu ikaguliwe na nywila iwekwe upya. Usajili unafungwa Ijumaa tarehe 1 Novemba. Nimeambatisha picha ya skrini na ukurasa wa kwanza wa barua ya udahili. Naandika kutoka anwani niliyoitumia kuomba udahili.
>
> Wako mtiifu,
> (majina matatu kama yalivyo kwenye cheti, na namba ya simu)

Kila kipande cha barua hii kina kazi. Namba ya kidato cha nne imewekwa kwenye kichwa kwa sababu ndiyo inayotafutwa kwenye kumbukumbu. Majina hufanana, namba hiyo haifanani na ya mwingine. Aliyekwisha pewa namba ya usajili ya chuo huiweka pia.

Saa imeandikwa kwa namna mbili kwa sababu ya tofauti ya saa sita. Seva huandika kila jaribio kwenye daftari lake la matukio kwa mfumo wa saa 24, na baadhi huandika kwa saa za kimataifa, zilizo nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ofisa akisoma “saa 4:10” peke yake na kutafuta 04:10, hataona kitu, na anaweza kuhitimisha kwamba mwanafunzi hakujaribu kabisa. Saa ikiwa sahihi, ofisa hulikuta jaribio lenyewe na kuona kama jina la mtumiaji lilitambuliwa.

Maelezo ya majaribio yameeleza umbo la nywila badala ya kuitaja. Ni kweli kwamba nywila inayofuata kanuni inajulikana na kila aliyesoma maelekezo. Nywila ya kubahatisha haijulikani, na ikiandikwa kwenye barua itabaki kwenye sanduku la mwanafunzi, la msajili na la kila atakayetumiwa nakala. Inatosha kusema urefu wake, ilifika lini na kwa njia gani. Picha ya skrini nayo hupigwa jicho likiwa limefumbwa.

Barua inapopelekwa

Mambo mawili hukutana katika tatizo hili, na katika vyuo vingi yana wenyewe tofauti. Ofisi ya msajili ndiyo yenye mamlaka juu ya kumbukumbu: jina, namba, programu, na kama mwanafunzi amethibitisha udahili. Kitengo cha TEHAMA ndicho chenye akaunti na seva. Msajili anaweza kusahihisha jina asiweze kufungua akaunti, na TEHAMA wanaweza kuweka nywila upya lakini hawaruhusiwi kubadili jina. Ndiyo maana barua huelekezwa kwa msajili na nakala kwa dawati la msaada la TEHAMA, katika barua moja. Barua mbili tofauti zenye habari ileile huzaa kazi mbili: ofisa mmoja huweka nywila upya asubuhi, mwingine huiweka upya tena mchana, na ya asubuhi ambayo mwanafunzi amekwisha tumiwa inakuwa batili.

Anwani ya mtumaji ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Nywila mpya ni ufunguo wa matokeo, taarifa za ada na data binafsi za mwanafunzi, na ofisa hawezi kumkabidhi kila anayejitambulisha kwa jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde dhidi ya wasiohusika. Barua iliyotoka kwenye anwani iliyomo kwenye kumbukumbu ni uthibitisho wa kwanza. Ikitoka kwenye anwani mpya, au ya kaka au dada, ofisa atalazimika kupiga simu kwenye namba iliyosajiliwa, au kumtaka mwanafunzi afike dirishani na kitambulisho. Nakala ya kitambulisho cha taifa au vyeti haina haja ya kuambatishwa mapema, hutolewa ikiombwa.

Kinachofanyika ofisini

Kwa barua ya mfano, ofisa wa udahili huanza kwa kutafuta namba ya mtihani. Kumbukumbu ipo, udahili umethibitishwa, akaunti haijafungwa. Sababu ya tatu imeondoka. Daftari la matukio linaonyesha majaribio ya Jumatatu, na jina la mtumiaji lilitambuliwa. Imebaki nywila, na hapo sentensi ya mwanafunzi kuhusu ritifaa ndiyo inayoelekeza kazi. Kwa macho, jina lililo kwenye skrini ya ofisa halina kasoro, hivyo suala linakwenda TEHAMA, ambako jina huulizwa kwa alama zake za ndani badala ya sura yake:

```
SELECT surname, HEX(surname)
FROM students
WHERE index_no = 'S0000/0000/2021';
```

Jibu linaanza na `4E47E28099`. Herufi N ni `4E` na G ni `47`. Kama ritifaa ingekuwa ile ya wima inayoandikwa na kibodi ya kawaida, kingefuata `27`. Badala yake kimefuata `E28099`, ambayo ni ritifaa iliyopinda. Programu ya kuandikia kama Word huibadilisha alama ya wima kuwa iliyopinda bila kuuliza, na jina lililonakiliwa kutoka kwenye waraka wa namna hiyo kwenda kwenye fomu ya maombi huja na alama hiyo. Nywila ya mwanafunzi huyu iliundwa kutokana na jina lenye ritifaa iliyopinda, kwa hiyo kila alipoandika ya wima alikuwa anaandika nywila nyingine.

Marekebisho yana hatua mbili, na mpangilio wake ni muhimu. Jina husahihishwa kwanza, kwa idhini ya msajili na kwa kulinganisha na cheti, kisha nywila huwekwa upya. Ikifanyika kinyume katika mfumo unaotengeneza nywila ya kuanzia kutokana na jina, nywila mpya huzaliwa na kasoro ileile. Ofisa makini pia hutafuta majina mengine yenye alama hiyo. Majina yenye Ng' ni mengi katika lugha kadhaa za Afrika Mashariki, na lililompata mmoja huenda limewapata wengine ambao hawajaandika.

Kusahihisha jina kuna faida inayopita nywila. Jina hilohilo ndilo litakalochapishwa kwenye matokeo na mwishowe kwenye cheti cha shahada, na ndilo linalolinganishwa na orodha ya Bodi ya Mikopo. Likiwa na alama isiyolingana, ulinganishaji unaofanywa na kompyuta unaweza kuwaona kuwa ni watu wawili.

Baada ya jibu

Nywila mpya ikifika, hutumiwa mara moja na kubadilishwa palepale, kwa sababu nayo ni ya muda. Jibu la mstari mmoja kwa msajili, “nimeingia, asante”, lililoandikwa chini ya barua ileile, humwezesha ofisa kulifunga suala. Ikikataliwa tena, taarifa mpya huandikwa chini ya barua hiyohiyo, ikiwa na saa mpya na ujumbe mpya wa skrini, ili asomaye aone mtiririko wote. Kuanzisha barua mpya kila siku hurudisha suala mwisho wa foleni.

Siku mbili za kazi bila jibu ni muda wa kutosha kukumbusha, na siku tatu kabla ya usajili kufungwa ni wakati wa kwenda ofisini kwa miguu, ukiwa na barua iliyochapishwa au kuonyeshwa kwenye simu. Tarehe iliyo juu yake inaonyesha kwamba mwanafunzi alitoa taarifa mapema. Chuo kinachotoza faini ya kuchelewa kujisajili, au kinachohitaji sababu ili kuongeza muda, huitazama tarehe hiyo, ingawa barua peke yake haimhakikishii mwanafunzi msamaha.

Lipo jibu moja lisilopaswa kufuatwa. Ofisa halisi anayeweka nywila upya hana haja na nywila ya zamani wala mpya. Ujumbe unaodai kutoka kwa msajili na kumtaka mwanafunzi atume nywila yake, namba ya siri ya kuthibitisha iliyoingia kwenye simu, au fedha ya “kufungulia akaunti”, ni wa utapeli, hata kama unamtaja kwa majina yake matatu. Msimu wa usajili ndio msimu wa matapeli pia, na namba za simu za wanaolalamika kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wapya huonekana na kila aliyemo. Kwa sababu hiyo namba ya mtihani na picha ya skrini hutumwa kwa anwani rasmi iliyoandikwa kwenye barua ya udahili, wala haziwekwi kwenye kundi.

Kuna pia kikomo cha kile barua hii inachoweza kutatua. Haiwezi kufungua akaunti ya asiyethibitisha udahili wake, wala ya aliyethibitisha chuo kingine. Mwanafunzi wa namna hiyo hujibiwa kwamba kumbukumbu yake haipo au haijakamilika, na suala lake huhamia dawati la udahili, ambako nywila si swali tena.